Madai ya hataza yamechanganyika: dalili, sababu na namna ya kuyapanga upya

Andiko la madai, yaani maneno yanayoeleza ni nini hasa hataza inalinda, mara nyingi humfikia mtayarishaji likiwa aya moja ndefu, kama hii ya mashine ya kupukuchua mahindi:

"Mashine ya kupukuchua mahindi yenye fremu, ngoma yenye meno ya mpira au ya chuma yaliyopangwa kwa mzunguko kama wa skrubu, na chekeche chini ya silinda, ambalo lina matundu ya milimita 14 hadi 20, hasa 16, na inaweza kuwa na feni ya kupuliza makapi, na kipuliza hicho huendeshwa na mkanda kutoka kwenye shafti yake, kama inavyoonekana kwenye mchoro wa 2, na pia njia ya kupukuchua mahindi kwa kuitumia ambapo magunzi hutokea mwisho wake."

Kila kilicho ndani ya mashine kimo katika aya hiyo, ila ukiituma hivyo kwenye ofisi ya hataza itarudi. Ukiikata vipande na kuvipa namba 1 hadi 7 itarudi vilevile, ikiwa na makosa zaidi, kwa sababu namba ni hatua ya mwisho ya kazi hii. Kwanza hufungwa majina ya sehemu, kisha huamuliwa dai lipi ni mama na lipi ni mtoto, yaani lipi linarithi masharti ya jingine, ndipo namba huwekwa. Karibu kila hitilafu iliyoelezwa hapa chini hutokana na mtu kugeuza mpangilio huo.

Kanuni za msingi zimo katika Kanuni ya 6 ya Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza (PCT): madai yahesabiwe mfululizo kwa tarakimu za kawaida, idadi yake iwe ya kiasi kulingana na uvumbuzi wenyewe, na dai tegemezi litaje dai linalolitegemea, ikiwezekana mwanzoni kabisa. Waombaji wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda wanaopitia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki bunifu, kule Harare huandika madai kwa Kiingereza. Mifano hapa ni ya Kiswahili ili muundo uonekane. Muundo ukishakaa sawa, tafsiri haitauvunja, isipokuwa mahali pamoja ambapo tutapafikia sasa hivi.

Dalili: mchunguzi anauliza "ngoma ipi?" na wewe una ngoma moja tu

Sababu ziko mbili na hufanana kwa nje.

Ya kwanza ni majina mawili kwa kitu kimoja. Katika aya yetu kuna "ngoma" kisha "silinda", kuna "feni" kisha "kipuliza". Katika insha ya shule mwalimu angekusifu kwa kubadilisha maneno. Katika madai, neno jipya ni kitu kipya. Msomaji wa sheria ana haki ya kusema kwamba chekeche liko chini ya silinda, na silinda hiyo haijaelezwa imefungwa wapi. Tengeneza orodha ya majina kabla ya kugusa muundo: kila sehemu jina moja na namba moja ya mchoro, mathalani fremu (10), ngoma (12), meno (14), chekeche (16), feni (18), mkanda (20), shafti (22). Majina mengine yote futa, na ufute pia kwenye maelezo ya uvumbuzi, kwa sababu madai yanayosema "ngoma" huku maelezo yakisema "silinda" yanarudisha swali lilelile kwa mlango wa nyuma.

Namba za mchoro huwekwa kwenye mabano baada ya jina, na huwa hazipunguzi upana wa dai. Kazi yake ni kumwelekeza msomaji kwenye mchoro. Lakini ukiziweka zitakusaidia na wewe, kwa maana namba moja ikionekana karibu na majina mawili umeshajua palipoharibika.

Sababu ya pili ni ya ndani zaidi. Sehemu ikitajwa mara ya kwanza huingizwa bila kiashiria: "yenye ngoma (12)". Kila inapotajwa tena lazima msomaji ajue kwamba ni ileile: "ngoma hiyo (12)". Kiswahili huvumilia "ngoma" tupu mara zote mbili, na msikilizaji haelewi vibaya. Mtarjumi wa Kiingereza hana uhuru huo, kwani ni lazima achague kati ya ngoma yoyote ile na ngoma iliyokwisha kutajwa. Akikuta "ngoma" tupu katika dai la 4 huenda akaiandika kama ngoma mpya, na hapo mashine yako ina ngoma mbili kisheria. Kwa hiyo weka "hiyo", "hayo" au "hilo" kila mara ya pili na kuendelea, hata sentensi ikisikika nzito.

Na usikubali kiashiria kisimame peke yake. Fremu, ngoma, feni na shafti vyote vina ngeli moja, kwa hiyo "hiyo" au "yake" bila jina haimtambulishi yeyote kati yao. Tazama aya yetu: "mkanda kutoka kwenye shafti yake". Shafti ya feni au ya ngoma? Fundi aliyeiunda anajua ni ya ngoma. Andiko halijasema. Halikadhalika "magunzi hutokea mwisho wake". Mwisho wa mashine, wa ngoma au wa chekeche? Kila "yake", "nayo" na "humo" ibadilishe kwa jina kamili.

Dalili: dai tegemezi linataja kitu ambacho dai mama halina

Hii ndiyo hitilafu inayojitokeza zaidi pale aya ndefu inapokatwa vipande. Tuseme ulikata hivi:

1. Mashine ... yenye fremu, ngoma, meno na chekeche.
2. Mashine kulingana na dai la 1, ambayo pia ina feni.
3. Mashine kulingana na dai la 1, ambamo feni hiyo huendeshwa na mkanda.

Dai la 3 linasema "feni hiyo", lakini njia yake inatoka moja kwa moja kwenye dai la 1, na huko hakuna feni. Feni imo dai la 2, ambalo dai la 3 halikulitaja. Kwamba dai la 2 limeandikwa juu yake kwenye ukurasa hakusaidii kitu. Dai hurithi kutoka kwa dai lililotajwa tu, wala halirithi kutoka kwa jirani.

Namna ya kugundua ni kufuata mnyororo kwa kidole. Chukua kila jina lenye kiashiria katika dai tegemezi, kisha panda: dai lililotajwa, dai ambalo hilo nalo limelitaja, hadi dai huru, yaani lisilotegemea jingine. Ukifika juu bila kukutana na jina hilo likiingizwa kwa mara ya kwanza, mnyororo umekatika.

Tiba ni mbili, na hazilingani. Unaweza kubadilisha mama: "Mashine kulingana na dai la 2, ambamo feni hiyo huendeshwa na mkanda". Au unaweza kubaki kwenye dai la 1 na kuingiza feni upya: "Mashine kulingana na dai la 1, ambayo pia ina feni inayoendeshwa na mkanda". Ya kwanza inabeba masharti yote ya dai la 2. Kama dai la 2 linasema feni hupuliza makapi kutoka kwenye punje zinazodondoka, basi dai la 3 nalo linataka hivyo. Ya pili haitaki. Mshindani anayeweka feni ya kupoza mota, ikiendeshwa na mkanda, angeguswa na ya pili na kuponyoka ya kwanza. Kwa hiyo swali hili si la sarufi. Muulize mvumbuzi feni yake ni ya nini, ndipo uchague. Ukichagua ya pili, hakikisha maelezo ya uvumbuzi yanaunga mkono feni isiyopuliza makapi. Kama hayaungi mkono, rudi kwenye ya kwanza.

Kuna upotovu mdogo unaofuatana na huu: dai tegemezi linaloanza kwa jina la sehemu badala ya jina la kitu kizima, kama "Chekeche kulingana na dai la 1, lenye matundu ya milimita 16". Dai la 1 ni la mashine. Dai tegemezi lianze na mashine: "Mashine kulingana na dai la 1, ambamo matundu hayo ya chekeche hilo ...". Ukitaka kulinda chekeche peke yake, hilo ni dai huru lingine, na chekeche lenyewe litalazimika kuwa jipya.

Dalili: dai tegemezi linapingana na mama, au ni pana kuliko mama

Aya yetu ina "meno ya mpira au ya chuma". Mtu aliyependa mpira ataandika dai la 1 lenye meno ya mpira, kisha akikumbuka chuma ataweka dai la 5: "Mashine kulingana na dai la 1, ambamo meno hayo ni ya chuma". Dai la 5 haliwezekani kutimizwa. Linataka meno yawe ya mpira, kwa kuwa limerithi, na papo hapo yawe ya chuma.

Kipimo wanachotumia wachunguzi wa Marekani ni kizuri kwa ofisi yoyote. Jiulize: je, yawezekana kuwa na kitu kinachovunja dai la mtoto, yaani chenye kila kinachotajwa humo, bila kuvunja dai la mama? Ikiwezekana, huyo si mtoto. Mashine yenye meno ya chuma ingevunja dai la 5 bila kuvunja dai la 1, basi utegemezi ni batili.

Mahakama ya Rufaa ya Marekani inayoshughulikia hataza ililitumia jambo hili mwaka 2006 katika kesi ya Pfizer dhidi ya Ranbaxy, kuhusu dawa ya kolesteroli atovastatini. Dai la 1 la hataza hiyo lilijumuisha tindikali, umbo lingine la molekuli hiyo, na chumvi zake zinazofaa kwa dawa. Dai la 2 lilibana na kubaki na tindikali peke yake. Dai la 6 likasema: chumvi ya kalsiamu ya kiambata cha dai la 2. Lakini dai la 2 halina chumvi hata moja, kwa hiyo chumvi ya dai la 6 ilikuwa nje ya dai lililotajwa. Mahakama ililibatilisha dai la 6, na ikaeleza kwamba lingesimama kama lingetaja dai la 1, au kama lingeandikwa kama dai huru. Kilichokosewa ni tarakimu moja, na dai lenyewe lilikuwa la kiambata chenye thamani kubwa kibiashara.

Kwenye mashine yetu tiba ni kupandisha neno pana juu: dai la 1 liseme "meno" bila kutaja kitu kilichoyatengeneza, kisha mpira na chuma viwe watoto wawili tofauti, kila mmoja akitegemea dai la 1. Hapa pana tahadhari. Kama ombi limeshawasilishwa na sehemu zote za maelezo zinazungumzia mpira tu, kupandisha "meno" tupu ni kuongeza jambo jipya, na marekebisho ya namna hiyo hayaruhusiwi. Kama bado hujawasilisha, ongeza sentensi kwenye maelezo inayotaja chuma na sababu ya kukitumia, kisha panda.

Dalili: "hasa", "takriban", "inaweza kuwa na"

Neno "hasa" ndani ya dai halizuii chochote. "Milimita 14 hadi 20, hasa 16" ni sawa na "milimita 14 hadi 20", na mchunguzi atalisoma hivyo. Ubaya wake ni kwamba mvumbuzi anadhani amelinda 16 wakati hajalinda. Likate mara mbili: dai moja lenye 14 hadi 20, na mtoto wake lenye 16. Ikitokea mashine ya zamani ikapatikana yenye matundu ya milimita 18, dai la kwanza linaanguka na la pili bado lina nafasi ya kusimama.

"Inaweza kuwa na feni" ni hivyohivyo. Ama feni imo katika dai au haimo. Itoe kwenye dai huru na uifanye dai tegemezi kwa maneno "ambayo pia ina feni".

"Takriban" ni afadhali iondoke kabisa, isipokuwa maelezo ya uvumbuzi yanasema takriban ni kiasi gani. Na "kama inavyoonekana kwenye mchoro wa 2" ifutwe bila kusita: Kanuni ya 6 hairuhusu madai kuegemea maelezo au michoro, ila pale tu ambapo hakuna njia nyingine kabisa. Kilichoonekana kwenye mchoro kiandikwe kwa maneno.

Dalili: ada imepanda ghafla, au ofisi imekataa kuchunguza madai kadhaa

Tazama madai yanayotaja zaidi ya dai moja. Kosa jepesi ni "kulingana na dai la 1 na la 2". Utegemezi wa namna hii lazima uwe wa kuchagua: "dai la 1 au la 2", au "dai lolote kati ya la 1 hadi la 4".

Kosa zito ni dai la namna hiyo kutegemea dai jingine la namna hiyohiyo. Dai la 3 likisema "la 1 au la 2", na dai la 5 likisema "lolote kati ya la 1 hadi la 4", basi ndani ya dai la 5 kuna njia nyingi zinazopishana na mchunguzi analazimika kuzifuata zote. Ofisi ya Hataza ya Ulaya inaruhusu mtindo huo, na ndiyo maana maandiko mengi yaliyonakiliwa kutoka huko yanao. Kanuni ya 6 ya PCT hairuhusu, Marekani hairuhusu, na Japani imeukataza tangu tarehe 1 Aprili 2022. Marekani hata dai halali linalotaja madai kadhaa hutozwa ada yake maalumu, na katika hesabu huhesabiwa kuwa madai mengi kadiri ya idadi ya madai linayoyataja. Ada ya msingi huko inabeba madai 20, yakiwemo madai huru 3. Ulaya ada ya ziada huanzia dai la 16.

Kwa ombi litakaloanzia ARIPO au PCT na huenda likaenda mbali, njia salama ni kila dai tegemezi kutaja dai moja, ukiacha moja au mawili pale ambapo mchanganyiko una faida ya kweli.

Aya yetu ikiwa imepangwa

1. Mashine ya kupukuchua mahindi, yenye: fremu (10), ngoma (12) iliyofungwa kwenye fremu hiyo (10) ili izunguke, meno (14) yaliyofungwa kwenye uso wa ngoma hiyo (12) na kupangwa kwa mzunguko kama wa skrubu, na chekeche (16) lililo chini ya ngoma hiyo (12), ambalo lina matundu ya kupitisha punje.
2. Mashine kulingana na dai la 1, ambamo meno hayo (14) ni ya mpira.
3. Mashine kulingana na dai la 1, ambamo meno hayo (14) ni ya chuma.
4. Mashine kulingana na dai la 1 au la 2, ambamo matundu hayo ya chekeche hilo (16) yana kipenyo cha milimita 14 hadi 20.
5. Mashine kulingana na dai la 4, ambamo kipenyo hicho ni milimita 16.
6. Mashine kulingana na dai la 1, ambayo pia ina feni (18) iliyowekwa ili kupuliza makapi kutoka kwenye punje hizo zinapopita kwenye matundu hayo.
7. Mashine kulingana na dai la 6, ambamo feni hiyo (18) huendeshwa na mkanda (20) unaotoka kwenye shafti (22) ya ngoma hiyo (12).
8. Njia ya kupukuchua mahindi kwa mashine ya dai la 1, yenye hatua za: kuingiza mahindi kwenye mashine hiyo, kuzungusha ngoma hiyo (12) ili meno hayo (14) yabandue punje hizo, kuacha punje hizo zidondoke kupitia matundu hayo, na kutoa magunzi kwenye ncha moja ya ngoma hiyo (12).

Dai la 4 ndilo pekee lenye kuchagua, kwa sababu mvumbuzi alitaka ukubwa wa matundu uambatane na meno ya mpira, ambayo hayavunji punje. Dai la 5 linalitaja dai la 4 peke yake, basi halijavunja katazo. Dai la 8 lingependeza kutaja "dai lolote kati ya la 1 hadi la 7", lakini lingekuwa la kuchagua juu ya la kuchagua, kwa hiyo limebaki na dai la 1. Ni la aina nyingine, yaani njia badala ya kitu, na ofisi nyingi hulisoma kama dai huru ingawa limetaja dai jingine. Lihesabu hivyo unapopiga hesabu ya ada.

Mpangilio wa ukurasani nao una maana: watoto wa dai la 1 wamekaa pamoja, mjukuu amemfuata mzazi wake, na aina mpya ya dai imekuja baada ya familia ya kwanza kwisha. Kila dai ni sentensi moja yenye nukta moja mwishoni. Hatua na sehemu hutenganishwa kwa mkato, kama hapa, au kwa nukta mkato.

Dalili: namba zilikuwa sawa jana, leo hazielekei popote

Umeongeza dai la meno ya chuma katikati, programu ya kuandikia ikasogeza namba za mwanzo wa mstari zenyewe, lakini "dai la 3" uliloandika kwa mkono ndani ya sentensi halikusogea. Sasa mkanda unategemea meno. Hitilafu hii haionekani kwa kusoma haraka kwa sababu kila sentensi ni sahihi ikisomwa peke yake.

Katika Word, marejeo ya ndani yaingizwe kama rejeo linalojisasisha, kupitia `References > Cross-reference`, aina ikiwa `Numbered item`. Kila baada ya kubadilisha mpangilio, `Ctrl+A` kisha `F9`. Kabla ya kutuma, `Ctrl+A` kisha `Ctrl+Shift+F9` huyageuza yote kuwa maandishi ya kawaida, maana baadhi ya mifumo ya ofisi hupoteza sehemu zinazojisasisha inapobadilisha faili. Hiyo fanya kwenye nakala, faili la kazi libaki kama lilivyo.

Kwa ukaguzi wa mwisho hifadhi madai kama maandishi matupu, kila dai likianza mstari mpya na namba yake, kisha:

```
grep -oE '^[0-9]+\.|(dai )?la [0-9]+' madai.txt
grep -oE '[a-z]+ (h[a-z]+ )?\([0-9]+\)' madai.txt | sort | uniq -c
```

Amri ya kwanza hutoa namba ya dai ikifuatiwa na madai linayoyataja. Namba inayotajwa lazima iwe ndogo kuliko namba ya dai lenyewe, na dai ambalo halikufuatwa na kitu ni huru. Kwenye mfano wetu ni dai la 1 peke yake linalotokea hivyo. Amri ya pili huorodhesha kila jina na namba yake ya mchoro. Ukiona "silinda (12)" karibu na "ngoma (12)", orodha ya majina haikufungwa. Na "ngoma (12)" isiyo na kiashiria inapaswa kuhesabiwa mara moja tu. Ikija mbili, kuna mahali umeiingiza upya. Amri hizi hazijui kama mama aliyetajwa ndiye sahihi. Hilo ni la kidole na mnyororo.

Baada ya ombi kuwasilishwa, sheria ya namba hubadilika. Marekani namba ya awali hubaki hadi uchunguzi uishe: dai la 3 likifutwa, la 4 huendelea kuitwa la 4 na pengo huachwa wazi, na dai jipya huchukua namba inayofuata ya mwisho. Chini ya PCT kufuta dai hakukulazimishi kuhesabu upya, ila ukiamua kuhesabu upya lazima iwe mfululizo. Ukirekebisha madai baada ya ripoti ya utafutaji ya kimataifa, unatuma seti nzima ya madai badala ya kurasa zilizoguswa pekee, pamoja na barua inayoonyesha lipi limefutwa, lipi limebadilika na lipi ni jipya. Muda ni miezi 2 tangu ripoti ilipotumwa au miezi 16 tangu tarehe ya kipaumbele, yaani siku ombi la kwanza la uvumbuzi huo lilipowasilishwa, wowote utakaomalizika baadaye. Ukifuta dai lenye watoto, kama la 6 katika mfano wetu, la 7 linabaki likitaja kitu kisichokuwepo. Ama lifute nalo, ama liandike upya likibeba feni ndani yake, kisha endesha tena zile amri mbili juu ya seti mpya.